Majlisi ya damu ya mzee, Mji wa Kale: shajara ya kazi ya mahameli kwenye kona

Jumamosi, kupima

Kazi mpya hii, majlisi ya umbo la L kwenye nyumba moja huku Mji wa Kale, ghorofa ya pili, na Bi mwenye nyumba keshaamua anataka mahameli rangi ya damu ya mzee, hataki kusikia habari ya kitambaa kingine. Sawa, lakini mahameli kwenye kona ni kazi ya kufikiria kabla hujagusa mkasi, ndio maana nnaandika hii kazi ikiendelea, vijana wanaoshona makochi huku Pwani waone hesabu yote na sio picha ya mwisho tu.

Chumba kiko hivi. Mkono mrefu wa majlisi unakaa ukuta wa magharibi, sentimita 395 pamoja na kona. Mkono mfupi unakaa ukuta wa kusini, 265 pamoja na kona hiyohiyo. Dirisha ni moja tu, ukuta wa mashariki, yaani mkono mrefu unatazamana nalo uso kwa uso na mkono mfupi unapata mwanga kwa ubavu. Mlango uko ukuta wa kaskazini karibu na dirisha, kwa hivyo mgeni akiingia macho yake yanakwenda moja kwa moja kwenye kona. Taa ni moja ya dari, katikati ya chumba. Shikeni hii ramani kichwani maana mambo yote huko chini yanatoka hapa.

Bi kaniambia, "Fundi, jirani yangu alishonewa ya kijani, upande mmoja kijani upande mwengine kama majivu, aliuziwa majora mawili tofauti. Mimi usinifanyie hivo." Nkamwambia mamangu, huenda lilikuwa jora moja tu. Hakuniamini, na sikumlaumu, hilo jambo mpaka mtu alione.

Jumatatu, kitambaa

Nimekwenda Mtaa wa Biashara na nimetoka na mahameli ya poliesta, upana sentimita 140, ukitoa kingo za pembeni inabaki 138 ya kutumia. Manyoya yake mafupi, kama milimita mbili hivi.

Nieleze kidogo hapa kwa wale wanaochanganya. Mahameli halisi manyoya yake ni nyuzi za ziada za mtande, zile za urefu, na viwandani mara nyingi hufumwa vitambaa viwili kwa pamoja uso kwa uso halafu kisu kinapita katikati kuvitenganisha, kila kimoja kinabaki na manyoya yake. Velvetini na koduroi ni njia nyengine, manyoya yanatoka nyuzi za mshindio, zile za upana, zinaachwa zinaelea juu ya kitambaa halafu zinakatwa baadaye, kwenye koduroi zinakatwa kwa mistari ndio unapata yale matuta. Velua nyingi zinazouzwa ni za kufumwa kwa vitanzi kama fulana, vitanzi vinanyolewa juu, ndio maana inavutika. Muuzaji alitaka kunipa velua akasema ni sawa tu na bei nafuu. Kwa nguo sawa, kwa kiti hapana, ukiivuta kwenye pembe ya sponji manyoya yanaachana na unaona kitambaa cha chini kikichungulia, na baada ya muda inalegea inafanya mawimbi.

Sasa jambo la rangi. Manyoya hayasimami wima kabisa, kiwandani yanapigwa brashi na mvuke yakalala upande mmoja, kwa kawaida kufuata urefu wa jora. Ukiyatazama kwa nchani, yaani yamelala kuja upande wako, mwanga unaingia katikati ya nyuzi unapigapiga humo ndani na mwingi haurudi, kile kidogo kinachorudi kimeshapita kwenye rangi mara nyingi, unaona rangi nzito, nyeusi kidogo, tamu. Ukiyatazama kwa ubavu, yamelala kukukimbia, mwanga unagonga mgongo wa nyuzi unaruka moja kwa moja, na ule mng'aro wa juu haujabeba rangi ya kitambaa, ni mwanga mtupu wa taa au dirisha umeongezwa juu ya rangi, ndio damu ya mzee inageuka kama waridi lililopauka. Rangi iliyotiwa kiwandani ni ileile, kilichobadilika ni njia ya mwanga. Na uzi ukiwa laini wa kung'aa kama poliesta, viskosi au hariri tofauti inakuwa kubwa, velvetini ya pamba tofauti yake ndogo sababu uzi wa pamba haung'ai hivo.

Nilichukua jora moja mpaka mwisho. Kwenye duka walikuwa na kipande cha jora jengine "rangi moja", nkakiweka kando ya changu, manyoya yote yakielekea upande mmoja, nkageuza vyote viwili pamoja kwa pamoja. Tofauti ilibaki palepale kila upande. Hiyo ndiyo dalili ya rangi za majora tofauti. Ingekuwa ni manyoya tu ingepotea nilipoyapanga mwelekeo mmoja.

Jumanne, majaribio chumbani

Kabla ya kukata chochote nimekata vipande vinne vya 30 kwa 30 kwenye mwanzo wa jora na kuchora mshale wa chaki kwa nyuma, mshale unaelekea pale manyoya yanapolala. Namna ya kujua yanapolala: pitisha kiganja sambamba na ukingo, kukiwa laini unafuata manyoya, kukikwaruza unayapinga. Manyoya yakiwa mafupi sana mkono unaweza kukudanganya, hapo jitundike kitambaa shingoni kama skafu ncha mbili zining'inie mbele, simama mbele ya kioo, upande mmoja utaonekana mzito na mmoja umepauka. Ule mzito manyoya yake yanaelekea juu.

Mafundi wa makochi wana kawaida yao, mgongo wa kiti manyoya yashuke chini, kikalio manyoya yatoke nyuma kuja mbele. Sababu ni matumizi, mtu akikaa na akiinuka anateleza kuja mbele, anayalaza manyoya vilevile yanavyotaka kulala. Lakini kwenye umbo la L kawaida hiyo inamaanisha mkono mrefu manyoya yanaelekea mashariki na mkono mfupi yanaelekea kaskazini, digrii 90 tofauti. Ukisimama mlangoni pale jicho lako liko sawa kwa mikono yote miwili, lakini mwanga hauko sawa, dirisha liko upande mmoja tu.

Nimeweka vipande viwili kwa kawaida hiyo, kimoja kila mkono, na viwili vyengine nimevielekeza vyote mashariki bila kujali mkono. Asubuhi jua lilipopita juu ya paa la jirani na kuingia dirishani, vile viwili vya kawaida viliachana vibaya: cha mkono mrefu, mwanga unaingia kwenye ncha za manyoya, kizito karibu na zambarau, na cha mkono mfupi mwanga unapiga ubavu wa nyuzi, kimepauka waziwazi. Vile vilivyoelekezwa mashariki vyote vilifanana. Adhuhuri jua limeshaondoka dirishani, mwanga wa kawaida tu wa mchana, tofauti ikapungua sana. Usiku taa ya dari imewashwa, na kwa sababu iko katikati, mikono yote inaipata sawasawa, ukisimama mlangoni huoni tofauti kabisa labda uambiwe.

Bi alikuja kutazama asubuhi, akanyamaza kidogo, halafu akachukua kile kilichopauka akakigeuza mwenyewe robo duara, kikawa kizito mbele ya macho yake. Akakirudisha. Akakigeuza tena. "Basi yule jirani yangu kamtukana fundi bure," akasema.

Ushauri mmoja kuhusu picha: ukitaka kulinganisha kwa simu weka vipande vyote kwenye picha moja. Ukipiga kila kimoja peke yake simu inarekebisha mwanga kivyake na tofauti inakufa, halafu unamtumia kastoma picha zinazodanganya.

Jumatano, uamuzi

Kwa hivyo njia zilikuwa mbili. Ya kwanza kuelekeza manyoya yote mashariki chumba kizima, rangi moja asubuhi mpaka jioni. Inavutia kwa macho lakini kwenye mkono mfupi manyoya yatalala kando, mtu akikaa na kuinuka anayasugua kwa upande, na pale wanapokaa watu kila siku patafanya madoa ya kung'aa ambayo brashi haiyaondoi. Joto la hapa na unyevunyevu, mtu kakaa saa mbili na jasho, manyoya yanajilaza na kukariri. Kwa kiti cha maonyesho ningeifanya, kwa majlisi ya familia hapana.

Njia ya pili ni kufuata kawaida na kukubali tofauti ya asubuhi, lakini wewe ndio uchague itokee wapi. Ukiifanya kona mraba mmoja wa kitambaa, mraba huo utafanana na mkono mmoja na kuukataa mwengine, na mpaka wa rangi utakaa pembeni ya kona kama kosa. Ukiukata mraba kwa mshazari, kutoka kona ya ukuta mpaka pembe ya ndani, kila nusu inafuata mkono wake na rangi inabadilika juu ya mshono wenyewe. Jicho linakubali hapo, sababu pana mstari. Tumechagua hii. Na nimemshauri Bi aweke pazia jepesi jeupe kwenye dirisha, mwanga ukitawanyika kabla ya kufika manyoya yanapigwa kutoka pande nyingi na tofauti inapungua.

Hesabu ya kitambaa sasa. Nilikuwa nimepanga vikalio vya upana 70, ukiongeza mshono wa 1.5 kila upande unapata 73, na viwili ni 146, havikai kwenye 138. Kitambaa cha kawaida ungekigeuza kipande ukajibana, hiki hukigeuzi hata kidogo. Nimeshuka mpaka 65, pamoja na mishono 68, viwili 136, vinakaa. Mkono mrefu vikalio vitano na kona ya 70, jumla 395 kamili. Mkono mfupi vitatu na kona, 265. Vikalio vinane basi, kila kimoja urefu wa kukata ni 88: kina 70, uso wa mbele 15 unaoshuka bila mshono, na mishono 3. Safu nne za viwiliviwili, sentimita 352.

Kona ni pembetatu mbili. Kitambaa kisicho na manyoya zingelala pamoja zikafanya mraba, kama 80 za urefu umemaliza. Hapa kila moja lazima nyuma yake iwe juu ya jora na mbele chini, na ukishazipanga hivo hazikai mbili kando kwa kando kwenye 138, kwa hivyo kila moja nimeipa safu yake, 160. Zile 80 za ziada ndio bei ya manyoya, na Bi nimemwonyesha kwa vipande vya gazeti sakafuni asije kudhani nimembandika. Mito ya mgongo kumi, urefu wa kukata 48, miwili kwa safu, 240. Jumla 752. Nilinunua mita nane na nusu. Pande zinazofichika na migongo ya mito ni pamba nzito ya rangi inayokaribiana, hakuna sababu ya kuzika mahameli ukutani.

Alhamisi na Ijumaa, kukata

Kitambaa kimetandazwa tabaka moja, manyoya chini, nnachora kwa nyuma. Ukitaka kukunja ili ukate mara mbili, kunja kwa urefu, ukingo juu ya ukingo, tabaka zote mbili manyoya yanabaki mwelekeo mmoja. Ukikunja kwa upana, mwanzo wa jora kuja juu ya mwisho, tabaka la juu limegeuka kichwa chini na nusu ya vipande vyako vitakuwa rangi nyengine, na hutojua mpaka vimeshonwa na kuwekwa kwenye mwanga. Kila kipande mshale wa chaki kwa nyuma kabla hakijatoka mezani, hata kile ambacho una hakika nacho.

Pembetatu za kona zinataka umakini wa peke yake. Ukitumia paterni ileile upande uleule mara mbili maumbo yatalingana kabisa, yatashonana vizuri, na moja manyoya yake yatakwenda kando kuelekea ukutani. Paterni inageuzwa tumbo juu kwa ile ya pili. Kijana anayenisaidia aliuliza kwa nini wakati zinafanana, nkamwambia aziweke sakafuni na mishale itazame juu. Akaona mwenyewe.

Mkasi mkubwa wenye makali, kata kufuata manyoya, na fagia kila baada ya safu. Vumbi la manyoya linaingia kila mahali, kwenye chai pia.

Jumatatu, mshono wa kona

Huu mshono mmoja umekula muda kuliko vikalio vinane, na si ajabu. Kwanza ni uso kwa uso, manyoya yameshikana na manyoya, na kila yakisukumwa na mguu wa cherehani tabaka la juu linatambaa mbele. Pili ni mshazari, karibu mita nzima ya mshono, na kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika. Vyote viwili pamoja, ukishona kwa pini tu utafika mwisho tabaka moja limezidi.

Nlichofanya: utepe wa pamba usiovutika nimeupiga kwa mkono kwenye mstari wa mshono wa pembetatu moja, ukubwa halisi kwa paterni. Halafu pembetatu zote mbili nimezishikiza kwa bandi ya mkono mistari miwili, mmoja kila upande wa mstari wa mshono, pigo fupi na kila baada ya pigo kadhaa moja la kurudi nyuma. Pini ndani ya ile 1.5 ya pembeni tu, pini ikikaa usiku kucha kwenye uso wa mahameli inaacha tundu la kivuli. Sindano namba 14, pigo milimita tatu na nusu, mkandamizo wa mguu nimeulegeza mpaka kitambaa kinapita bila kusukumwa. Na nimeanzia kona ya ukuta kuja pembe ya ndani, sio kinyume, sababu manyoya ya nusu zote mbili yanaelekea upande huo kwa mshazari, kwa hivyo mshono unayafuata badala ya kuyapinga.

Namna ya kujua kama umetambaa: kabla ya kutoa bandi, kunjua na utazame uso kwa mwanga wa pembeni, tochi ya simu ilale karibu na kitambaa. Mshono uliotambaa unafanya vijikunjo vidogo vya mshazari upande mmoja. Hapa hakuna.

Kupiga pasi hakuna, pasi haigusi. Nimefungua mshono kwa ukucha, nimeweka kipande kikubwa cha mabaki manyoya juu mezani, kona juu yake manyoya chini ili manyoya yaingiliane, na pasi ya mvuke inaelea juu bila kugusa. Mvuke, subiri ipoe, brashi laini kufuata manyoya. Poliesta inavumilia hivi. Ingekuwa viskosi ningepunguza mvuke sana, ile ikiloa uzi wake unakosa nguvu na manyoya yakilala yamelala.

Jumapili, kuweka

Imewekwa. Asubuhi mkono mfupi umepauka kidogo kama tulivyotarajia, pazia jepesi limesaidia, na mabadiliko yanakaa sawasawa kwenye mstari wa kona. Kuna jambo ambalo mgeni mmoja aliuliza, mbona migongo imepauka kuliko vikalio hata kwenye mkono mmoja? Mtu aliyesimama anatazama kutoka juu. Mgongoni manyoya yanashuka chini, anayaona ubavu, kikalioni yanakuja kwake, anaona ncha. Akikaa chini kwenye mkeka tofauti inabadilika. Ningeweza kupandisha manyoya ya migongo juu yafanane na vikalio, wako wanaofanya hivo kwenye suruali za koduroi makusudi ili rangi ikolee, lakini kwenye mgongo wa kiti kila anayeegemea na kuteleza chini atayapinga, na vumbi litatua kwenye ncha na kukaa.

Nyongeza, baada ya wiki kadhaa

Bi kaleta picha kwa watsapu, mto mmoja wa mgongo mkono mrefu umekuwa mweusi, "fundi huu umeingia maji?" Kwenye picha mto mzima umekoza sawasawa mpaka kwenye pembe. Maji hayafanyi hivo, maji yanafanya ramani yenye ukingo. Nkamwomba atazame zipu iko wapi. Ilikuwa juu. Walifua sakafu wakatoa mito yote, huo ukarudishwa kichwa chini, manyoya yanaelekea juu.

Umegeuzwa, umerudi rangi yake. Nimepita juzi nkashona kijiutepe cheusi ndani ya mshono wa chini wa kila mto, na yule binti anayesafisha nimemwonyesha: utepe chini, zipu chini.